Faida ya kiuchumi: maswali ambayo wenye biashara wa Lubumbashi huniuliza mara kwa mara

Kazi yangu ni kuweka hesabu za biashara ndogo na za kati hapa Lubumbashi: maduka, depo za saruji, karakana, na zaidi ya yote mashine za kusaga mahindi, maana mji huu unakula bukari kila siku. Maswali haya yananijia tena na tena, kwa hiyo nimeyaandika mahali pamoja. Karibu yote nimeyajibu kwa mfano mmoja wa mashine ya kusaga ya Katuba. Tarakimu zake nimezirekebisha ziwe rahisi kufuata, lakini mwendo wake ndio ule ninaoukuta mezani.

Faida ya kiuchumi ni nini?

Ni faida ya uendeshaji, baada ya kodi, ukiondoa gharama ya mtaji wote unaofanya kazi ndani ya biashara. Mtaji wote ni ule wa benki pamoja na ule uliotoka mfukoni mwako.

```
faida ya kiuchumi = faida ya uendeshaji baada ya kodi − (mtaji × kiwango)
```

Mimi huwaambia wateja waifikirie gharama hiyo kama pango. Ukikaa katika nyumba ya mtu unalipa pango hata kama mwezi huo hukuuza kitu. Pesa nayo inakaa ndani ya biashara, na kukaa kwake kuna pango. Daftari la kawaida linaandika pango la pesa ya benki, yaani riba, na linanyamaza kuhusu pango la pesa yako.

Tuonyeshe kwa mfano mmoja, hatua kwa hatua.

Mama mmoja ana mashine ya kusaga Katuba. Ananunua mahindi, anayasaga, anauza unga kwa gunia na kwa reja reja. Mwisho wa mwaka alikuja na daftari akiwa na furaha: "Mwaka huu nilipata faida ya dola elfu kumi." Hesabu yake ilikuwa safi. Mauzo yalikuwa dola 120,000. Mahindi yalimgharimu 88,000, umeme na mazutu ya jenereta 6,000, wafanyakazi 7,200, magunia na usafiri 5,000, matengenezo 1,800, na uchakavu wa mashine 2,000. Jumla ya gharama, kabla ya riba ya mkopo wake, ni 110,000, na kinachobaki ni 10,000 kweli.

Jambo la kwanza nililomuuliza ni nani anafungua mlango saa kumi na mbili asubuhi. Ni yeye. Nani anapima, anapokea pesa, anagombana na fundi? Ni yeye. Hakuwa amejiandikia mshahara hata dola moja. Nikamuuliza angemlipa nani, na kiasi gani, kama angelala hospitalini mwaka mzima. Akasema meneja mwaminifu hapatikani chini ya dola 300 kwa mwezi. Hiyo ni 3,600 kwa mwaka, na faida ya uendeshaji ikashuka hadi 6,400. Kodi zake za mwaka zilikuwa 1,000. Ikabaki 5,400.

Kisha tukahesabu mtaji. Mashine na mota yake ni 9,000, kibanda cha matofali 6,000, mahindi na unga uliomo stoo, kwa wastani wa mwaka, 12,000. Wateja wanaodaiwa ni 4,000, na pesa ya kuzungushia kazi 2,000. Hapo tunaondoa 3,000 anazodaiwa na wauza mahindi, kwa sababu wao wanamngoja bila riba. Mtaji unaofanya kazi ni dola 30,000.

Kiwango tulichokubaliana kilikuwa asilimia 20 kwa mwaka (nitaeleza chini kilikotoka). Pango la 30,000 ni 6,000. Ukitoa 6,000 katika 5,400, unapata hasi 600.

Alikaa kimya muda mrefu. Hakuna aliyemwibia na wala hakudanganya daftari. Biashara yake ilimlipa mshahara, ikalipa kodi, ikatoa faida, lakini faida ile ilikuwa pungufu kwa dola 600 kuliko pesa yake ingeweza kuleta mahali pengine penye hatari kama hiyo.

Pesa ni yangu mwenyewe, hakuna anayenidai. Kwa nini nijitoze?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi linakuja na uchungu kidogo: "Ni makuta yangu, hapana ya banki!" Naelewa. Pesa iliyokusanywa kwa miaka, pengine kwa likelemba za wiki baada ya wiki, mtu anaiona kama damu yake, na kuambiwa ailipie pango kunasikika kama kutukanwa.

Lakini angalia ndugu wawili wenye mashine zinazofanana, mauzo sawa, gharama sawa. Mmoja alikopa mtaji wote, mwingine aliuza shamba la baba yao. Kwa daftari la kawaida, wa pili anaonekana mfanyabiashara bora zaidi, kwa sababu hana riba. Kumbe kazi yao ni ileile, na mashine zao zinaleta kilekile. Tofauti iko tu katika mlango ambao pesa iliingilia. Gharama ya mtaji inawaweka kwenye mizani moja, na wa pili anaona alichoacha: lile shamba lingekodishwa, au pesa yake ingeingia katika biashara nyingine.

Hutoi pesa hiyo kumpa mtu. Ni kipimo, kinachokuonyesha kama mashine inalipa kuliko njia nyingine uliyoiacha.

Kiwango nakipata wapi?

Anza na mkopo, maana bei yake imeandikwa. Mama wa Katuba alikuwa na dola 10,000 za mkopo kwa asilimia 18 kwa mwaka. Zilizobaki, 20,000, ni zake. Pesa ya mwenye biashara inabeba hatari kubwa kuliko ya mkopeshaji: mambo yakiharibika, mkopeshaji analipwa kwanza, mwenye mali anabaki na masalia. Kwa hiyo kiwango chake hakiwezi kuwa chini ya kile cha mkopo. Tulimwekea asilimia 21, kwa kuangalia kile alichoahidiwa na mwenzake aliyemwomba washirikiane katika biashara ya mafuta ya mawese. Theluthi moja ya mtaji kwa 18 na theluthi mbili kwa 21 zinatoa wastani wa asilimia 20.

Usichukue kiwango cha wakopeshaji wa mtaani wanaotoza kwa mwezi. Ile ni bei ya dharura, ya mtu mwenye mtoto hospitalini, na haipimi mtaji wa mwaka mzima. Wala usichukue kile kidogo ambacho akaunti ya akiba inatoa, kwa sababu pesa iliyo kwenye akaunti haikabiliwi na fukusi wala mota inayoungua.

Kama huna hakika kati ya 18 na 23, fanya hesabu kwa vyote viwili. Ikiwa jibu ni chanya kwa vyote au hasi kwa vyote, ugomvi wa kiwango umekwisha. Kwa mama yetu, pango kwa asilimia 18 ni 5,400 kamili: anafika sifuri, hapotezi wala hapati. Hilo lenyewe ni jibu, kwamba biashara yake iko ukingoni.

Tayari nalipa riba ya mkopo. Je, naikata mara mbili?

Ukifanya haraka, ndiyo, na hili ni kosa ninalolikuta sana. Faida ya uendeshaji huhesabiwa kabla ya riba. Katika mfumo wa hesabu wa OHADA, ambao Kongo iliingia mwaka 2012, riba inakaa sehemu ya mambo ya kifedha, chini ya matokeo ya uendeshaji. Kwa hiyo chukua mstari wa juu, ule ambao riba bado haijaugusa. Riba iko tayari ndani ya ile asilimia 20. Ukianza na faida ambayo riba imeshatolewa, kisha ukatoza tena mtaji wote, umemtoza mwenye mkopo mara mbili.

Kampuni zinazolipa kodi juu ya faida hupunguza kidogo kiwango cha mkopo, kwa sababu riba inawapunguzia kodi. Kwa biashara ndogo mimi huacha hatua hiyo.

Kiwanja ni cha familia, silipi kitu. Nikihesabu?

Kihesabu, lakini mara moja tu. Ama unaandika pango ambalo mtu mwingine angelilipa kwa kiwanja hicho kama gharama ya uendeshaji, ama unaingiza thamani yake ndani ya mtaji. Usifanye yote mawili. Pango ni rahisi zaidi, kwa sababu jirani anaweza kukuambia analipa kiasi gani, wakati thamani ya kiwanja kila mtu ana yake. Katika mfano wetu kiwanja nimekiacha kando makusudi. Kama angelilipa pango, ile hasi 600 ingekuwa kubwa zaidi.

Na unga unaoliwa nyumbani? Uandike kama mauzo kwa bei ya kawaida, halafu uandike kwamba wewe umeutoa. Familia ya watu tisa inakula unga mwingi kwa mwaka. Usipouandika, mashine inaonekana mvivu kwa kosa la sufuria.

Nihesabu kwa franka au kwa dola?

Chagua moja, kisha ubaki nayo kuanzia mwanzo hadi mwisho. Benki Kuu ya Kongo ilipandisha kiwango chake hadi asilimia 25 mwezi wa Agosti 2023, lakini hicho kilikuwa kiwango cha franka, na kilipanda kwa sababu franka ilikuwa inapoteza thamani. Mtu akichukua faida ya dola na kuitoza kwa kiwango cha franka, anajidhulumu mwenyewe. Akichukua faida ya franka na kuitoza kwa kiwango cha dola, anajidanganya kwa upande wa pili: mahindi aliyonunua Mei kwa franka za Mei anayauza Desemba kwa franka nyepesi, na tofauti anaiita faida.

Hapa Lubumbashi, ambako mahindi mengi yanatoka Zambia na mashine zinanunuliwa kwa dola, mimi hufanya yote kwa dola. Mauzo ya franka nayageuza kwa kiwango cha siku ileile ya kuuza.

Yangu imetoka hasi. Nifanye nini kwanza?

Watu wengi hukimbilia kuuza zaidi. Mimi huanza na stoo, kwa sababu kule ndiko pesa inakolala bila mtu kuiona.

Chukua gunia moja la mahindi lililonunuliwa wakati wa mavuno kwa dola 20, likawekwa miezi sita. Pango la hizo dola 20 kwa nusu mwaka, kwa asilimia 20 ya mwaka, ni dola 2. Fukusi na panya wakila kilo moja katika kila ishirini, umepoteza dola 1 nyingine. Dawa na nafasi ya stoo, weka nusu dola. Gunia hilo sasa limekugharimu dola 23.50, ingawa daftari bado linasema 20. Ukiliuza 26 umefanya vizuri. Ukiliuza 23 daftari litaandika faida ya dola 3, wakati kweli umepoteza senti 50. Gawanya kwa miezi: kila mwezi gunia linakula karibu senti 60. Kwa hiyo kila mwezi mwulize mwenye stoo kama bei ya sokoni imepanda zaidi ya hapo. Siku ambayo haipandi tena, gunia linatakiwa kwenda kwenye mashine.

Kwa mama wa Katuba tulikuta magunia 200 ambayo hayaguswi kamwe. Aliyaweka kwa hofu ya mpaka, na hofu hiyo haikuwa ya bure: Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka wake nasi kwa siku chache, Kasumbalesa ikiwemo, na serikali ya kule imeshazuia mahindi kutoka zaidi ya mara moja wakati wa ukame. Sikumwambia kwamba akiba ni ujinga. Nilimwambia bei yake: magunia 200 kwa dola 20 ni dola 4,000, na pango lake ni 800 kwa mwaka, kabla ya fukusi. Je, usalama ule unastahili dola 800? Aliangalia siku ambazo mashine ilikaa bila mahindi miaka miwili iliyopita, akaona kwamba magunia yake ya kawaida ya mzunguko yangetosha kumvusha. Akayasaga yale 200 na hakuyarudisha.

Kisha wadaiwa. Migahawa ilikuwa inachukua unga na kulipa ikijisikia. Alipowawekea wiki mbili, deni la wastani lilishuka kutoka 4,000 hadi 2,000. Wateja wawili walikasirika wakaenda kwa jirani, na faida ilipungua kwa dola 200. Tuliandika na hilo pia.

Mtaji ukawa 24,000, na pango lake 4,800. Faida ya uendeshaji baada ya kodi ikawa 5,200. Faida ya kiuchumi: chanya 400. Hakusaga kilo moja zaidi ya mwaka uliopita.

Lakini angalia jambo moja linalosahaulika. Zile dola 6,000 zilizotoka stoo na kwa wadaiwa zilitoka kweli ndani ya biashara: alipunguza mkopo. Kama angeziacha kwenye droo, mtaji ungebaki 30,000 uleule, umebadilisha tu sura kutoka mahindi kuwa noti.

Nataka kufungua mashine ya pili Ruashi. Faida itaongezeka, si ndiyo?

Faida inaweza kuongezeka na wewe ukazidi kuwa maskini. Tuseme mashine ya Ruashi, pamoja na stoo yake, inameza dola 15,000 na kuleta 2,400 kwa mwaka baada ya kodi, ukishatoa mshahara wa msimamizi. Faida ya jumla inapanda, majirani wanakupongeza. Pango la 15,000 ni 3,000. Mashine hiyo inakupunguzia dola 600 kila mwaka. Ili ikuongezee, lazima ilete zaidi ya 3,000.

Kosa la upande wa pili lipo pia, ingawa hapa kwetu ni la wachache. Mtu ambaye biashara yake inaleta asilimia 40 ya mtaji anakataa nafasi ya asilimia 28 kwa sababu "itanishushia wastani". Kama pango lake ni asilimia 20, kila dola 100 aliyoikataa ingemwachia dola 8 safi.

Mashine yangu ni ya zamani, na kila mwaka faida ya kiuchumi inapanda. Nimeboresha kazi?

Pengine hukuboresha kitu. Mashine ya 9,000 inayochakaa 2,000 kwa mwaka, baada ya miaka minne inabaki 1,000 kwenye daftari. Pango lake limeshuka kutoka 1,800 hadi 200. Hapo umepata dola 1,600 za "maendeleo" kwa sababu tu chuma kimezeeka. Namna ya kugundua ni kuweka pembeni mauzo kwa kila dola ya mahindi, na gharama ya matengenezo. Kama hizo zimesimama au zinaharibika huku faida ya kiuchumi inapanda, ni uzee wa mashine unaozungumza. Mimi huandika mashine kwa bei ambayo fundi au muuza mitumba angeitoa leo.

Udanganyifu mwingine ni wa tarehe. Stoo ikihesabiwa tarehe 31 Desemba peke yake, mtu anaimaliza wiki ya Noeli na kuijaza Januari. Hesabu kila mwisho wa mwezi, kisha chukua wastani wa miezi 12.

Na migodi? Inatumia kipimo hiki?

Kinatumika, ila kwa uangalifu. Kamoa, upande wa Kolwezi, ilijulikana mwaka 2008, na uzalishaji wa shaba wa Kamoa-Kakula ulianza Mei 2021. Katika miaka ya namna hiyo mtaji unalala, pango linahesabika, na mauzo hakuna. Ukipima mwaka mmoja mmoja, kila mwaka ni hasi, na mtu angefunga mradi kabla ya jiwe la kwanza kusagwa. Kazi ya miaka mingi hupimwa kwa kuleta faida za kiuchumi za miaka yote kwenye thamani ya leo, kwa kiwango kilekile cha mtaji. Karakana inayonunua mashine ya kuchonga vyuma inakutana na jambo hilohilo kwa udogo.

Nani alianzisha wazo hili?

Ni la zamani. Mwanauchumi Mwingereza Alfred Marshall aliliandika mwaka 1890: kinachobaki baada ya kutoa riba ya mtaji ndicho malipo ya kazi ya kuendesha biashara. Baadaye kampuni ya ushauri ya Marekani, Stern Stewart, ililiuza kwa jina la EVA, na jina hilo likasajiliwa kuwa alama yao. Hesabu yenyewe haina mwenyewe.

Kama ni hasi mwaka hadi mwaka, nifunge?

Usifunge kwa kuangalia tarakimu ileile. Swali la kufunga lina mtaji wake. Ile 30,000 ya mama wa Katuba ni pesa iliyoingia, na si yote inayoweza kutoka. Tulihesabu upya kana kwamba anauza kila kitu mwezi huo: mashine ingempa 5,000, matofali na mabati ya kibanda 2,000, mahindi 12,000, wadaiwa wangelipa labda 3,000, pesa iliyopo 2,000, na angewalipa wauza mahindi 3,000. Inatoka 21,000. Pango la hiyo ni 4,200, na biashara inaleta 5,400. Kwa hiyo aendelee, kwa sababu kufunga kungempotezea dola 1,200 kwa mwaka.

Ila siku mota itakapoungua kabisa, swali linarudi kuwa lile la mwanzo. Siku hiyo 9,000 zitakuwa noti mkononi mwake, bado hazijawa chuma, na kwa hesabu ya mwaka ule wa hasi 600 mimi nisingemshauri anunue mashine nyingine kama ile. Kwa hesabu ya sasa, yenye stoo ndogo na wadaiwa wachache, ningemshauri anunue.